Meza ya watu tisa Upanga: kisa cha kukutana na wakwe kwa mara ya kwanza

Mtoto wa kaka yangu alinipigia simu Jumanne usiku, sauti imejaa furaha. Wazazi wa binti anayetaka kumuoa walikuwa wamekuja Dar es Salaam kutoka Same. Mama alikuwa na kliniki ya sukari Muhimbili, na wote wawili walifikia Temeke kwa mjomba wa binti, ambaye ni kaka wa tumbo moja wa huyo mama. Baba wa binti alikuwa ametamka mwenyewe: "Kabla hatujarudi, tukutane na hao watu wenu tufahamiane tu. Barua itakuja nyumbani kwa utaratibu wake." Kijana alikuwa ameshaagiza meza. Jumamosi, saa 12 jioni, hoteli moja ya ufukweni, chakula cha bufee, shilingi 55,000 kwa kichwa.

Nilimwambia aifute asubuhi hiyo hiyo inayofuata. Hakuwa na nia mbaya, ila kila kitu alichochagua kilikuwa kinagongana na watu aliokuwa anawaalika. Nimepika kwenye shughuli za watu mji huu kwa miaka mingi, na nimeona wakwe wengi wakikaa mbele ya chakula cha gharama kubwa wakibabaika na vijiko. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila tatizo linalompata kijana wa Dar siku ya kwanza ya kukaa meza moja na wakwe.

Kwanza, kwa nini hotelini na si nyumbani? Baba yake kijana, kaka yangu, ameshatangulia mbele za haki, kwa hiyo upande wetu mwenye kauli ni baba mdogo anayekaa Kimara. Yeye alitaka waje kwake. Lakini barua ya posa haijaenda, na wazazi wa binti kuingia nyumba ya mwanamume kabla ya barua kunawaweka pabaya. Nyumbani kwao watu watasema wamempeleka binti wenyewe. Sisi nasi hatukuweza kwenda Temeke, kwa sababu nyumba ya mjomba si nyumba ya baba, na mwenye haki ya kupokea wachumba ni baba, kwake Same. Mahali pasipo pa yeyote ndipo palipofaa, mradi kila mtu aelewe kwamba hapa hakuna posa, hakuna mshenga, hakuna bahasha.

Baada ya hapo nikamuuliza kijana wakwe zake wanakula nini. Akajibu, "Nimemuuliza mwenyewe, anasema wanakula kila kitu."

Jibu hilo nalisikia kila mara, na karibu kila mara si kweli, ingawa anayelisema hadanganyi. Mtu aliyekulia kwenye mwiko hauoni kuwa ni mwiko, kwake kitu hicho si chakula tu. Ukimuuliza Mwislamu kama nyumbani kwao wanakula kila kitu, atasema ndiyo, na nguruwe hakumpita hata akilini. Kwa hiyo sikuuliza hivyo. Nilimpigia binti mwenyewe, nikamwambia, "Mwanangu, mara ya mwisho mlipokwenda harusini, mama alikula nini na aliacha nini?" Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Mama alikwenda na hotipoti yake, shangazi."

Tukaanzia kwenye hiyo hotipoti. Baba na mama ni Wasabato. Usabato uliingia Tanzania kupitia huko huko Upare, kituo cha kwanza kikiwa Giti mwaka 1903, na familia nyingi za milimani wamezaliwa ndani yake kizazi baada ya kizazi. Baba anakula nyama na kuku. Mama aliacha nyama na kuku miaka mingi, samaki anakula, lakini kwa mujibu wa Walawi sura ya 11: samaki awe na mapezi na magamba. Pombe hawaigusi, na baba hanywi chai ya majani wala kahawa. Kuanzia jua la Ijumaa linapozama hadi la Jumamosi linapozama ni Sabato, hawanunui wala hawanunuliwi kitu. Mama ana sukari na anachoma sindano ya insulini kabla ya kula.

Mjomba wa Temeke ni Mwislamu, na mkewe pia. Kwa Wapare hilo si la kushangaza, tumbo moja linaweza kutoa Msabato, Mlutheri na Mwislamu, na wote wakazikana bila ugomvi. Mjomba ndiye anayewalaza wageni, ndiye atakayesikilizwa sana watakaporudi kujadiliana usiku. Upande wetu sisi ni Wakatoliki wa Rombo. Baba mdogo anapenda bia yake na kitimoto chake, na halifichi.

Sasa itazame tena ile hoteli ya ufukweni. Jumamosi saa 12 jioni jua la Dar halijazama. Kutegemea mwezi, linazama kati ya saa 12 na dakika kumi na kitu na karibu saa 1 kasorobo. Maana yake baba mkwe angeitwa mezani ndani ya Sabato, kwenye mahali pa biashara. Angekuja? Labda angekuja, kwa heshima, na asile. Bufee nayo ina mabakuli ishirini yaliyofunikwa, kijiko cha bakuli la kamba kinahamia bakuli la mboga, na mzee wa miaka 70 anapangishwa foleni na sahani mkononi mbele ya mkwe wake. Mama mwenye macho hafifu anasoma vibao kutafuta kipi najisi na kipi safi. Na bei: watu tisa kwa shilingi 55,000 ni 495,000, na chini ya menyu kwa herufi ndogo waliandika kwamba VAT haijajumlishwa. Ongeza asilimia 18, inafika 584,100 kabla mtu hajaagiza hata maji.

Fedha hiyo ilinitia wasiwasi kuliko alivyodhani yeye. Kijana anauza simu Kariakoo, mshahara wake naujua. Mbele yake kuna barua, kuna mahari, kuna safari ya Same na wazee watano, kuna ndoa yenyewe. Na kuna jambo ambalo vijana hawaambiwi: mahari huanza kuhesabiwa kwenye meza hii ya kwanza. Wazee wanaporudi nyumbani wanasema, "Yule kijana anajiweza," na namba inapanda. Ukila chakula cha laki sita mbele yao, huwezi baada ya miezi miwili kukaa kwenye mkeka ukaomba upunguziwe ng'ombe. Kinyume chake pia ni kweli, ukiwapeleka kwenye chipsi kuku za vibandani watasema binti yao haheshimiwi. Tukakubaliana kiwango ambacho kinaonyesha heshima na kinaonyesha ukweli: shilingi 300,000 kwa kila kitu, pamoja na nauli ya kuwarudisha wageni.

Baba mdogo alipendekeza bustani moja Sinza, nyama choma safi, kivuli, bei nzuri. Ni kweli nyama yao ni nzuri. Lakini jiko la kitimoto liko hatua chache kutoka jiko la mbuzi, visu vinazunguka, na Jumapili mchana kuna mpira na spika. Kwa mjomba, swali si tu nani kachinja mbuzi. Kwa desturi machinjioni na sokoni hapa Dar wanachinja Waislamu, hivyo nyama yenyewe huwa haina shaka. Shaka inaingia jikoni: wavu ule ule, mafuta yale yale, ubao ule ule wa kukatia. Na hata kama kila kitu kingetenganishwa, wazee wanne wasiogusa pombe wangekaa katikati ya chupa. Wangevumilia, na wangeondoka mapema.

Hapo ndipo ninaposimamia mimi, na ndivyo nilivyomweleza kijana: tafuta mtu mwenye masharti mengi kuliko wote mezani, jenga chakula kuanzia kwake, kisha ongeza. Ukianza na anayekula kila kitu, mwenye masharti atabaki kuwa mgonjwa wa meza, analetewa sahani yake ya peke yake huku wote wanamtazama. Mkwe hapaswi kulazimika kukataa kitu siku ya kwanza. Akikataa, wewe umeaibika na yeye ameaibika, na wote mtajifanya hamkuona.

Alhamisi nikaenda Upanga, kwenye mgahawa wa mapishi ya pwani usiouza pombe. Upo karibu na Muhimbili, kwa hiyo mama njia ameshaizoea. Una bomba la kunawia lenye sabuni mlangoni, una chumba kidogo cha kuswalia nyuma, na una pembe moja yenye meza ndefu isiyo njiani mwa watu. Nilikwenda saa 10 alasiri, wakati wateja wamepungua, kwa sababu ukienda saa 7 hakuna mpishi atakayekuwa na muda wa kujibu maswali yako. Nikaomba kuonana na mpishi mwenyewe, si meneja. Meneja atakuambia hakuna shida kwa kila utakachouliza.

Nikaagiza nionje. Kisamvu chao cha nazi kilikuwa kitamu kweli, kimepondwa laini, nazi imekolea. Nikakisambaza kwenye ukingo wa sahani kwa kidole, nikaona vidoti vyeusi vidogo kama nukta za kalamu. Vijicho. Nikamuuliza mpishi, akajibu kwa fahari, "Naweka uduvi uliosagwa, mama, ndiyo siri yake." Uduvi ni vikamba vidogo vilivyokaushwa. Kwangu mimi ni ladha, kwa mama mkwe ni kiumbe wa majini asiye na mapezi wala magamba, ndani ya chakula kinachoitwa mboga. Asingekiona, na binti asingekijua. Ndiyo maana nasema kwenye mapishi ya pwani usiulize tu "samaki gani," uliza na mboga zimeungwa na nini. Tukakiacha kisamvu, tukachukua mchicha wa kuunga kwa kitunguu, nyanya na nazi, sufuria yake peke yake.

Samaki wenyewe tulizungumza kwa muda. Orodha ya Dar inayompita Msabato ni ndefu kuliko wengi wanavyofikiri: pweza, ngisi, kamba, kaa, taa, papa, na kambare wa maji baridi. Nguru ni samaki mzuri, ila magamba yake ni madogo mno kiasi kwamba watu wanabishana, na mimi siku ya kwanza sitaki samaki wa kubishaniwa. Changu hana ubishi. Magamba yake unayasikia chini ya kidole, mapezi yake yamesimama, na mifupa yake ni mikubwa, mzee anaiona na kuitoa, si kama kibua. Mpishi alitaka kumkaanga. Nikamuuliza mafuta ya karai yanakaangia nini kingine, akasema ngisi na kamba. Jiko la mkaa la samaki wa kupaka nalo ndilo hilo hilo la pweza. Basi tukakubaliana changu apikwe kwenye sufuria, mchuzi wa nazi mwepesi, ndimu na pilipili ya kuweka kando. Ni laini kwa meno ya wazee, na hakuna wa kuuliza mafuta yametoka wapi.

Pilau ilituletea mjadala. Kwa watu wa pwani, shughuli bila pilau haijakamilika, na mke wa mjomba ni mtu wa Temeke hasa. Ila pilau ni chakula kilichokwisha kuchanganywa. Asiyekula nyama hapotezi nyama peke yake, anapoteza na wali pia. Kwa meza ya watu wenye masharti tofauti, kila kitu kiwe kwenye bakuli lake: wali kando, kitoweo kando, mboga kando, kila mtu ajijengee sahani bila kueleza kwa nini. Nikachagua wali wa nazi, na nikamwomba mpishi autie iliki na karafuu kidogo upate harufu ya sherehe.

Kijana naye akaja na wazo lake: makande. Alisikia kwamba Wapare na makande ni kitu kimoja, akaona atawafurahisha. Nikamkatalia kabisa. Makande ni chakula chao cha kila siku, na kumkaribisha mgeni mezani ukampa alichokiacha jikoni kwake si heshima. Zaidi ya hapo, makande ndiyo utani wetu kwao, Wachaga tunawatania Wapare kwa makande na kwa kubana mkono, wao wanatutania kwa kupenda hela. Utani ni haki ya watu waliokwisha kuwa ndugu. Kijana ambaye hajapeleka barua hana haki hiyo, hata kama nia yake ni njema. Utani huo ukija, uje kutoka kwao.

Badala yake tukaleta chakula cha kwetu, ndizi, ili nao waone tunakotoka. Machalari hupikwa na nyama, kwa hiyo tukaomba ndizi za nazi bila nyama. Kuku akawa wawili, wa kienyeji, kwa ajili ya baba, mjomba na sisi wengine. Hapa migahawa mingi hubadilisha na kuleta kuku wa kisasa. Utamjua mezani: ngozi nene yenye mafuta, nyama inaachia mfupa mara moja, mfupa unavunjika kwa meno. Wa kienyeji ana ngozi nyembamba, nyama ya paja imekuwa ya giza, na anataka kuchemka saa moja na nusu hadi mbili, ndiyo maana lazima aagizwe mapema. Mpishi alisema anawanunua Kisutu na huchinjwa pale pale. Nikamsisitizia kitu kimoja: firigisi zisitupwe wala zisiliwe jikoni. Kwa watu wengi wa nchi hii firigisi ni ya mwenye heshima, na kuku aliyeletwa mezani bila firigisi wazee hujiuliza imeliwa na nani.

Siku ikawa Jumapili, saa 7 na nusu mchana. Sisi tumetoka misa, mjomba ameswali adhuhuri, na alasiri huingia kama saa 9 na dakika arobaini hivi, muda wa kutosha bila mtu kutazama saa. Kuhusu mama na sindano yake, nilimweleza meneja kwamba chakula kiwe mezani saa 8 kamili, kimepikwa tayari, kisiwe cha kuagizwa tukishakaa. Ukishachoma insulini ya kabla ya kula na chakula kikachelewa, sukari inashuka: jasho, mikono kutetemeka, kichwa kuzunguka. Mgeni mstaarabu atanyamaza nalo kwa aibu mpaka aanguke. Binti alimwambia mama asichome mpaka aone mabakuli yanatoka jikoni.

Hesabu ilikuwa hivi. Kuku wawili 64,000. Changu wanne 56,000. Wali, ndizi, bakuli moja la ugali wa dona, maharage ya nazi na mchicha vyote pamoja 67,000. Sinia la matunda 15,000, maji na madafu 30,000. Jumla 232,000, VAT ikiwa ndani, nilihakikisha kabla. Weka 10,000 ya wahudumu na 25,000 ya nauli ya wageni, inafika 267,000. Iliyobaki 33,000 tuliiacha kwa dharura. Ijumaa kijana alituma advansi nusu kwa lipa namba, na Jumapili asubuhi akamalizia. Hilo ni la lazima. Bili isije mezani. Ikija, baba mkwe ataingiza mkono mfukoni kwa adabu, mjomba ataingiza kwa ushindani, na kijana atabaki anabishana na wazee kuhusu pesa mbele ya mama mkwe.

Tukapanga na viti. Kwa makabila mengi yetu mwanamume na mama mkwe hawali wakitazamana, wengine hawali meza moja kabisa. Binti alisema kwao hawana ukali huo, ila mama ataona haya. Meza ya duara ingemweka kijana usoni pa mama bila njia ya kukwepa. Kwenye meza ndefu nilimweka kijana upande mmoja na mama mkwe, mimi na mama yake kijana tukakaa katikati, kwa hiyo hawakuonana usoni kabisa. Baba mkwe na baba mdogo walielekeana kichwani mwa meza, mjomba pembeni ya baba. Binti akakaa na mke wa mjomba, mbali na kijana. Baba mdogo nilikuwa nimezungumza naye mapema, akaniahidi hata soda hatataja mpaka wageni wataje.

Wakaja saa 7 na dakika ishirini, baba amevaa koti la kaunda suti lililopigwa pasi mpaka mistari inaonekana. Bomba lilikuwepo mlangoni, lakini nilimwomba mhudumu alete pia birika na beseni. Kijana alisimama, akachukua birika mwenyewe, akaanza kwa baba mkwe. Akamiminia maji polepole, taulo begani, macho chini. Mzee alinawa bila haraka, akakausha kila kidole, kisha akamtazama kijana kwa mara ya kwanza vizuri. Ile dakika moja ilifanya kazi kubwa kuliko kuku wawili. Alipofika kwa mama mkwe, binti alinyanyuka akampokea birika, jambo ambalo hatukulipanga.

Baba mdogo akamwomba baba mkwe aombee chakula. Akaomba kwa kifupi, kwa maneno ambayo kila mtu aliweza kusema amina, na mjomba akasema bismillahi kwa sauti ya chini.

Mabakuli yalipofunuliwa, niliona mama mkwe anafanya kile nilichokuwa nakingoja. Alitazama bakuli la samaki, akamwona changu mzima, kichwa, pezi na mkia. Nilikuwa nimeagiza asikatwe vipande, kwa sababu samaki aliyekatwa huwezi kumjua. Hakuuliza kitu. Akajipakulia mchicha nusu ya sahani, dona kiasi cha ngumi, maharage, na changu mmoja mdogo. Hotipoti ilikuwa kwenye mkoba wake, nilikuwa nimeuona ukingo wake alipokaa. Mkoba haukufunguliwa. Firigisi zote mbili alipelekewa baba, akala moja, nyingine akaihamishia kwenye sahani ya mjomba, na mjomba akacheka kwa furaha.

Kosa lilitokea mwishoni. Mhudumu, kwa ukarimu wake, alileta birika la chai ya tangawizi na kashata ambazo hatukuagiza, akaanza kumimina kwa mzee. Baba mkwe akaweka kiganja juu ya kikombe, akasema taratibu, "Mimi basi, mwanangu." Nilikuwa nimezungumza na mpishi, nimezungumza na meneja, sikuzungumza na aliyebeba sinia. Yule ndiye anayesimama mbele ya mgeni, ndiye angepaswa kujua kwanza. Baba mdogo aliokoa mambo kwa kusema na yeye hataki chai, alete madafu mengine, na vikombe vikaondoka bila maneno. Mama naye hakugusa embe la kwenye sinia, alichukua kipande kimoja cha papai. Matunda siku nyingine ningepunguza embe na kuongeza papai na tikiti kidogo, maana sinia lilirudi nusu.

Saa 10 kasorobo mjomba akaenda nyuma kuswali. Tulimngoja, hakuna aliyesimama. Aliporudi, baba mkwe akajifuta mdomo, akasukuma kiti nyuma, akamgeukia baba mdogo.

"Barua ileteni Same, mtuambie mapema kidogo," akasema. Kisha akamtazama kijana, uso umeanza kukunjuka. "Na wewe uje na njaa. Huko kwetu hakuna changu, kuna makande."

Kijana akanitazama. Nikamwashiria kwa kichwa kwamba sasa anaruhusiwa kucheka.